Homa ya dengi imeshuka, lakini tumbo linamuuma na anatapika

Mama Nasra (Mbagala)
Ndugu zangu, naomba ushauri. Mume wangu, mwenye miaka 36, alishikwa na homa kali Jumamosi jioni, pamoja na maumivu nyuma ya macho na kwenye viungo. Jumatatu alipimwa, malaria haikuonekana ila dengi ilionekana, akaambiwa apumzike nyumbani, anywe maji kwa wingi na atumie parasetamoli. Mgongo ulipozidi kumuuma, jirani alimpa diklofenaki, naye amemeza kidonge kimoja jana usiku na kingine leo asubuhi. Alfajiri ya leo, Jumatano, homa ilishuka kabisa tukashukuru, lakini tangu saa nne anaumwa tumbo chini ya mbavu za kulia, ametapika mara tatu na mikono imekuwa baridi. Mama mkwe anasema ni uchovu wa kupona. Je, nimwache alale? Na je, ibuprofeni ingefaa zaidi kuliko diklofenaki?

Mzee Kigamboni
Pole sana, mwanangu. Mwaka 2019 dengi ilipoenea Dar es Salaam nami niliugua, na homa iliposhuka nilikuwa dhaifu kwa muda mrefu, madafu ndiyo yaliyonisaidia. Mwageni pia maji yaliyotuama kwenye ndoo na matairi, kwa sababu mbu wa dengi huuma mchana, na chandarua cha usiku pekee hakitoshi.

Tabibu Msaidizi
Mama Nasra, usimwache alale. Mpeleke hospitali sasa hivi, na ueleze mapema kwamba amemeza diklofenaki, lini na mara ngapi. Katika dengi, kipindi cha hatari huanza mara nyingi pale homa inaposhuka, kati ya siku ya tatu na ya saba, na hudumu takriban saa 24 hadi 48. Wakati huo mishipa midogo ya damu huweza kuvujisha maji ya damu kuelekea tumboni na kifuani, hivyo damu inayobaki huwa nzito na kidogo, na mwili hupoa kwa sababu mzunguko unadhoofika, wala si kwa sababu mgonjwa amepona. Anayepona kweli huanza kutaka chakula, hukaa mwenyewe na hukojoa vizuri. Muulize alikojoa lini mara ya mwisho: akipitisha saa sita bila mkojo, hiyo ni dalili mbaya. Damu kwenye fizi au puani, choo cheusi kama lami, kuhangaika au kusinzia kusiko kwa kawaida, hayo nayo hayasubiri kesho.

Kuhusu ibuprofeni, hapana. Ibuprofeni na diklofenaki zote huzuia chembe sahani kushikamana ili kuziba jeraha, hukwaruza utando wa tumbo, na huzibebesha figo mzigo mwili ukiwa na upungufu wa maji. Aspirini ni mbaya zaidi, kwa kuwa chembe sahani iliyoguswa nayo haipati tena nguvu hadi mwili utengeneze nyingine. Someni karatasi ya kila dawa ya mafua na maumivu, kwani baadhi huchanganywa na aspirini. Parasetamoli nayo isizidishwe, kwa sababu dengi huweza kugusa ini: kwa mtu mzima, gramu moja kila baada ya saa sita, na isipite kiwango alichoandikiwa.

Shani wa Temeke
Mimi nilimpa mdogo wangu maji ya majani ya mpapai, na chembe sahani zikapanda. Zikiwa juu, hakuna hatari.

Tabibu Msaidizi
Dada Shani, hupanda zenyewe pia wakati mgonjwa anapopata nafuu, kwa hiyo ni vigumu kusema ni mpapai. Idadi yake pekee haitoshi: mtu huweza kuvujisha maji ilhali hajatokwa na tone la damu. Ndiyo maana hospitali hurudia kipimo, kuona kama damu inazidi kuwa nzito huku chembe sahani zikipungua.

Mama Nasra (Mbagala)
Asanteni. Amelazwa, ametundikiwa dripu na mkojo umeanza kutoka, ingawa tumbo bado linauma. Daktari amesema kesho atapimwa damu tena. Nimepata jambo lingine: baba mkwe, anayemeza aspirini ndogo kila siku kwa ajili ya moyo, tangu jana ana homa.

Tabibu Msaidizi
Apimwe leo malaria na dengi, naye aende na dawa zake zote. Aspirini asiiache mwenyewe wala asiendelee nayo kwa kubahatisha, maana kwa mtu wa moyo kuacha nako kuna hatari yake. Anayemtibu ndiye atakayepima hatari ipi ni kubwa zaidi, na mimi siwezi kulikata jambo hilo kutoka hapa.