Operesheni ya mama: mdogo wangu hana kazi, tugawane vipi?

Mwalimu wa Ikungi: Mama ana miaka 72. Ameteleza bafuni, amevunjika shingo ya mfupa wa paja. Bili tuliyopewa ni milioni 4.2, zaidi ya nusu ni chuma atakachowekewa. Tumezaliwa wawili tu. Mimi mwalimu wa serikali, mdogo wangu hana kazi tangu wapunguzwe kwenye ujenzi, anakaa bure kwa mama. Nimemwambia kila mtu atoe milioni 2.1, amenyamaza. Nimekosea wapi?

Kifunguamimba: Hujakosea popote. Mimi wa kwanza kati ya watano. Baba alipolazwa hakuna aliyetuma hata elfu kumi, na wote nimewasomesha. Kukosa kazi si kukosa mama. Akakope.

Binti Kilosa: "Anakaa bure"? Nani alimnyanyua mama pale bafuni? Mimi nimeuguza mama yangu mpaka mwisho. Kaka zangu walituma hela wakashangiliwa kwenye kikao cha ukoo, mimi niliyeshika beseni usiku hakuna aliyenitaja.

Mwalimu wa Ikungi: Dada, hospitali haipokei shukrani, inapokea hela. Na chakula anachokula ni mahindi ya mama.

Binti Kilosa: Hayo mahindi analima nani?

Nesi Mstaafu: Wanangu, mnagombania mahindi na mama amelala. Mzee aliyevunjika hapo hakai kitandani akisubiri kikao. Siku chache tu kifua kinaanza kujaa, damu inaweza kuganda miguuni, na vidonda vinamtoka. Mfunueni muangalie visigino na juu kidogo ya makalio. Ngozi ikibadilika rangi, ikawa ya moto au ngumu, kidonda kimeshaanza. Ageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. Halafu mwalimu, wewe si una NHIF? Mwenza na wategemezi wanne. Mama hayumo?

Mwalimu wa Ikungi: Shikamoo mama. Nafasi zimejaa. Watoto watatu na mama mkwe.

Binti Kilosa: Mkwe ndani, mama mzazi nje! Na unamdai asiye na kazi nusu kwa nusu.

Mwalimu wa Ikungi: Mkwe ana presha na sukari, anachukua dawa kila mwezi. Mama alikuwa mzima, analima mwenyewe. Ungekuwa wewe ungemwandika nani?

Kifunguamimba: Hapo kaka umeniangusha. Mkwe hana watoto wake?

Dereva wa Tunduma: Mbona jambo dogo. Bima ya afya kwa wote ilishapitishwa 2023, mama anatibiwa bure. Au mtoe mkwe leo, mama aingie kesho.

Nesi Mstaafu: Sheria imepita kweli, ila bima hiyo unachangia, si bure. Na usitegemee bima ilipe bili iliyoanza kabla mtu hajaandikwa. Mwalimu, fanya hivi. Chukua barua kwa mtendaji wa kijiji, uende ofisi ya ustawi wa jamii palepale hospitali. Sera inawapa matibabu ya bure wazee wa miaka 60 na zaidi wasiojiweza. Watauliza watoto wanafanya kazi gani, usiwadanganye. Wanaweza kusamehe kitanda na dawa, lakini chuma mara nyingi mtaambiwa mkanunue. Omba pia bili ipasuliwe: kipi kinalipwa kabla ya kuingia chumba cha upasuaji, kipi siku ya kuruhusiwa. Si lazima milioni nne zote zipatikane leo. Na mtaombwa ndugu wa kuchangia damu. Mdogo wako aende kwa hilo asubuhi.

Mhasibu: Mama akitoka, atahitaji mtu wa kumwogesha na kumshika akijifunza kutembea kwa magongo. Tuseme wiki sita. Mkimweka mtu wa elfu kumi kwa siku ni 420,000. Hiyo ikatwe kwenye 2.1 ya mdogo. Inayobaki, 1,680,000, iwe deni lisilo na riba, iandikwe mbele ya mjomba, alipe akipata kibarua.

Kifunguamimba: Deni la ndugu halilipwi. Aweke rehani sehemu yake ya shamba.

Binti Kilosa: Sehemu ipi? Mama yu hai, shamba ni lake! Ndivyo ndugu zangu walivyoanza, na leo tuko baraza la ardhi la kata.

Mwalimu wa Ikungi: Shamba sijalitaja mimi. Mama nesi nimekusikia, kesho nachukua mkopo saccos nilipe cha kutangulia, ustawi nitaenda na barua. Ila wiki sita za kuuguza kuhesabiwa hela, hapana. Huyo ni mama yake.

Mhasibu: Na wewe je, si mama yako? Mbona milioni zako unazihesabu?

Dereva wa Tunduma: Bado hujajibu la mkwe. Nani aliamua, wewe au mkeo?

Mwalimu wa Ikungi: Mke wangu muache nje ya haya.