Tupeane uzoefu: bei imepanda, je, ujazo umeikubali? OBV na A/D

Mwanahisa_Thika (mwanzisha mada)

Ndugu wanajamvi, naomba kila aliyewahi kutumia OBV au mstari wa A/D kupima kama ujazo, yaani idadi ya hisa zilizobadilisha mikono, unaunga mkono kupanda au kushuka kwa bei, atueleze ilivyomwendea. Naanza na langu.

Nilikuwa nafuatilia kaunta moja ya Nairobi iliyokuwa imefunga kwa shilingi 20.00. Jumatatu iliuzwa kati ya 20.00 na 21.00, ikafunga 20.20, hisa 500,000. Jumanne ilikuwa kati ya 20.20 na 21.20, ikafunga 20.50, hisa 400,000. Jumatano ilikuwa kati ya 20.50 na 21.50, ikafunga 20.70, hisa 600,000. Alhamisi ilitulia kati ya 20.30 na 20.70, ikafunga 20.60, hisa 100,000 tu. OBV huongeza ujazo wote wa siku iliyofunga juu ya jana na kutoa ujazo wote wa siku iliyofunga chini, kwa hiyo yangu ilipanda kwa 1,500,000 katika siku tatu na kupungua kwa 100,000 siku ya nne. Niliona siku za kupanda zina hisa nyingi na siku ya kushuka ina chache, nikaridhika kabisa, nikanunua kwa 20.60. Wiki iliyofuata bei ilirudi hadi 19.40.

Baada ya hasara ndipo nilipochora A/D ya siku zilezile nne. Ilikuwa imeshuka kwa 770,000. Tangu hapo najiuliza nilipaswa kuuamini mstari upi.

Mzee_wa_Kaunta

Kijana wangu, mistari hiyo miwili haijibu swali moja, ndiyo maana iligombana. OBV, ambayo Joseph Granville aliitangaza mwaka 1963, huuliza tu kama leo imefunga juu au chini ya jana, kisha huupeleka ujazo mzima upande mmoja hata kama tofauti ni senti tano. A/D, ambayo hunasibishwa na Marc Chaikin, haiijui jana kabisa. Hutazama bei ya kufungia imekaa wapi kati ya bei ya chini na bei ya juu ya siku ileile, na kwenye skrini huhesabiwa hivi, C ikiwa bei ya kufungia, H bei ya juu, L bei ya chini na V ujazo:

```
((C - L) - (H - C)) / (H - L) * V
```

Chukua Jumatatu yako. Bei ya kufungia ilikuwa senti 20 juu ya sakafu na senti 80 chini ya dari, na siku nzima ilikuwa na upana wa shilingi moja, kwa hiyo unapata -0.6, na mara 500,000 ni -300,000. Jumanne ni -160,000 na Jumatano ni -360,000. Alhamisi, siku pekee ambayo OBV ilipunguza, A/D iliongeza 50,000 kwa sababu kufunga kulikuwa karibu na dari. Siku tatu mfululizo bei ilipelekwa juu asubuhi ikarudishwa karibu na sakafu jioni, na hilo OBV haina jicho la kuliona.

Dada_Hesabu

Mimi nina kisa cha kinyume, ili watu wasikimbilie kuitupa OBV. Kaunta yangu ilifunga 30.00, jioni ikatoka habari njema ya faida, na kesho yake ikafungua kwa pengo. Siku nzima ilicheza kati ya 32.20 na 32.90, ikafunga 32.30, hisa 700,000. Mwenye hisa alikuwa amepata shilingi 2.30, lakini A/D ilishuka kwa 500,000, kwa sababu haikuliona pengo la usiku na iliona tu kwamba kufunga kulikuwa karibu na chini ya siku. Niliuza kwa hofu, na bei haikurudi 30 tena. Siku hizi nikiona pengo kubwa, siihesabu A/D ya siku hiyo kuwa ushahidi wa chochote.

Kijana_wa_Chati

Kanuni ni rahisi: OBV ikiwa chini ya sifuri wauzaji wametawala, ikiwa juu ya sifuri fedha zinaingia. Yangu inasoma -3,000,000, kwa hiyo sinunui.

Mzee_wa_Kaunta

Nusu yake nakubali, kwamba mwelekeo una maana. Sifuri haina maana. Hesabu huanzia siku chati yako inapoanzia, hivyo ukiongeza mwaka mmoja wa nyuma, -3,000,000 inaweza kuwa +2,000,000 bila soko kubadilika hata kidogo. Linganisha kilele na kilele: bei ilipofika kilele kipya, je, mstari nao ulipita kilele chake cha awali? Na hilo la fedha kuingia ni namna ya kusema tu, kwani kila hisa iliyonunuliwa kuna mtu aliyeiuza.

Pipsi_Mombasa

Wakuu, mimi nafanya euro na dola kwenye MT5. OBV yangu na ya rafiki yangu hazifanani ingawa muda ni uleule. Je, dalali wangu ananidanganya?

Dada_Hesabu

Si lazima awe anakudanganya. Mada ilihusu hisa, lakini swali lako linagusa mzizi wake. Sarafu za papo kwa papo hazina soko moja la kati linalojumlisha miamala yote. Unachokiona ni `Tick Volume`, yaani idadi ya mara bei ilivyobadilika kwa dalali huyo, na rafiki yako anahesabiwa mabadiliko ya dalali mwingine.

Mdau_Kariakoo

Kwangu Dar es Salaam tatizo lilikuwa mkupuo. Kaunta iliyozoea hisa 40,000 kwa siku iliuza 2,000,000 siku moja, bei ikatoka 1,240 hadi 1,250. OBV ilipanda kama ukuta, nami nikadhani wakubwa wanakusanya. Nilipoomba idadi ya miamala, ilikuwa mitatu tu, mmoja ukiwa umebeba karibu zote, pande mbili zikiwa zimekubaliana mapema. Ujazo wa siku 50 uliingia kwenye mstari kwa sababu ya shilingi kumi. Nilichora upya bila siku hiyo, na mstari ulikuwa umelala.

Mzee_wa_Kaunta

Hapo umefanya vyema. Sasa nirudi kwa mwanzisha mada, maana kuna jambo linanisumbua. Bei zako za kufungia ni za muamala wa mwisho, au ni wastani wa miamala ya siku uliopimwa kwa ujazo? Kama ni wastani, ule usomaji wangu wa asubuhi na jioni unaanguka. Wastani wa 20.20 katika siku iliyogusa 21.00 unaonyesha kwamba hisa nyingi ziliuzwa chini muda wote, na ile 21.00 yaweza kuwa muamala mmoja wa hisa mia moja.

Mwanahisa_Thika

Sikuwahi kuuliza. Takwimu nilizipata kwenye jedwali la siku, ambalo halionyeshi miamala mmoja mmoja. Nitamwomba dalali orodha ya Jumatatu nione ni hisa ngapi zilipita juu ya 20.80.

Dada_Hesabu

Omba na ya Jumatano pia, kwani ndiyo iliyokuwa na ujazo mkubwa kuliko zote.