Naomba ushauri: pakiti ya mbegu za karoti, msimu wake unanichanganya

Wakuu, habari zenu. Mama mdogo ana bustani Lushoto. Kaletewa mbegu za karoti kutoka Uingereza, kanitumia picha ya pakiti nimwandikie maelekezo kwa Kiswahili cha shambani.

Vipimo nimeviweka hivi: mfereji uwe na kina cha sentimita 1, yaani upana wa ukucha wa kidole cha mwisho. Mstari hadi mstari sentimita 30, rula moja ya shule. Zikishaota, ang'olee ili mche na mche viachane vidole vitatu vilivyobanwa. Zikisongamana zinabaki nyembamba.

Kinachonisumbua ni msimu. Pakiti inasema panda Machi hadi Julai, lakini hiyo ni kwa sababu kule ndipo udongo unapopata joto. Lushoto Machi hadi Mei ni masika, na mvua kubwa inafukua mbegu za kina kifupi hivyo, au udongo unaganda juu mche ukashindwa kutoboa. Nafikiria nimwambie apande Juni, amwagilie taratibu mpaka ziote, wiki 2 hadi 3.

Mnaolima karoti Usambara, Juni inafaa, au baridi ya Julai itazichelewesha?