Flashi valvu za choo ghorofa ya juu hazifungi, naomba ushauri

Wakuu habari, nasimamia jengo la ofisi la ghorofa tatu, tenki la lita 5,000 liko juu ya paa. Vyooni hakuna zile sistani, kuna flashi valvu za kubonyeza mkono. Juzi moja ya ghorofa ya juu ilibonyezwa jioni ikagoma kufunga, asubuhi tenki jeupe!

Nikaifungua mwenyewe, ndani kuna raba ya diaframu yenye katundu kadogo kama ncha ya sindano, maji yanapita hapo kujaza chumba cha juu ili presha iisukume raba chini ifunge. Kalikuwa kamejaa mchanga, nikasafisha, na raba haijachanika. Za chini nilizosafisha hivyo zimepona ila hii ya juu bado inatiririka tu.

Nahisi shida ni presha. Toka tenki hadi pale ni mita 4, yaani kama baa 0.4, wakati hizi zinataka karibu baa 2 maji yakiwa yanatembea. Halafu fundi alipitisha bomba la nusu inchi! Sistani inajaza taratibu dakika nzima ila hii inamwaga lita 6 kwa sekunde kama 4, ndo maana inataka bomba la inchi moja.

Sasa nifunge pampu ya presha na kubadilisha bomba, au juu niweke sistani tu yaishe? Bosi anataka jibu Ijumaa.