Mhadhiri kaongeza muda wa kazi, lakini tangazo lenyewe ni mtego!

Kalamu_Nyeusi
Wakuu, someni hili tangazo lililotupwa kwenye kundi la darasa halafu mniambie nani kalielewa:

"Kazi ya pili imesogezwa kutoka Jumatatu tarehe 10 hadi Ijumaa tarehe 14, saa 6 usiku. Faili moja tu, PDF. Jina la faili: namba ya usajili_kozi_Kazi2. Kinyume na hapo haipokelewi."

Kwanza, saa 6 usiku ipi? Nusu ya darasa wanahesabu usiku unaoanza Ijumaa jua likizama. Kwenye Moodle, mfumo tunaopakia kazi, imeandikwa `Due: Friday, 14, 12:00 AM`. Hiyo ni Alhamisi usiku, Ijumaa ndiyo kwanza inaingia! Anayepanga kumalizia Ijumaa jioni ameshachelewa kabla hajaamka.

Pili, hilo jina la faili haliwezekani. Namba zetu zina mikwaju. Mwenye T/0147/22 anatakiwa aandike hivi:

```
T/0147/22_TK210_Kazi2.pdf
```

Kompyuta ya Windows inakataa kabisa mkwaju kwenye jina la faili. Kwa hiyo kila mtu anajitungia lake: huyu kaweka kistari, yule kaunganisha tarakimu zote, mwingine kaweka mstari wa chini. Halafu "kinyume na hapo haipokelewi". Kinyume na wapi?

Bi_Mtulivu
Punguza hasira, ndugu yangu. Saa 6 usiku ya Ijumaa kila mtu anajua ni Ijumaa usiku. Pakia chochote sasa hivi, ukishapata ufafanuzi futa uweke faili lenye jina sahihi. Mbona rahisi.

Fundi_wa_Mfumo
Dada, "kila mtu anajua" ndiyo inayoleta balaa. Wapo wanaosema usiku wa Ijumaa wakimaanisha usiku wa kuamkia Ijumaa, na hawajakosea. Mhadhiri angeandika "Ijumaa tarehe 14, saa 5:59 usiku" na kwenye mfumo akaweka 23:59, mjadala ungeisha.

Huo ushauri wa kufuta na kupakia upya una nusu ya ukweli. Kabla ya muda kwisha, sawa. Baada ya hapo, Moodle inaangalia mara ya mwisho ulipogusa kazi, si mara ya kwanza ulipopakia. Uliwahi siku mbili kabla, ukarudi kubadilisha jina tu dakika kumi baada ya muda, kazi nzima inaandikwa imechelewa dakika kumi.

Kingine, mle ndani kuna tarehe mbili tofauti. `Due date` ikipita, mfumo bado unapokea ila unakuandika umechelewa. `Cut-off date` ndiyo inayofunga mlango. Kwa hiyo kitufe cha kupakia kuendelea kuonekana Ijumaa mchana si ushahidi kwamba umewahi. Wengi hudanganyika hapo.

Kuhusu jina, mimi ningeweka kistari:

```
T-0147-22_TK210_Kazi2.pdf
```

Mstari wa chini ndio unaotenganisha namba, kozi na kazi. Ukiutumia tena ndani ya namba, jina linakuwa na vipande vitano badala ya vitatu, na anayepanga mafaili kwa programu atakuta kozi yako inaitwa "0147".

Mzee_wa_Kona
Mimi langu liligoma ingawa ni PDF kabisa, nimebadilisha mwenyewe mwisho wa jina kutoka .docx kuwa .pdf. Mfumo umelipokea, ila likifunguliwa linasema limeharibika. Hii nayo ni kosa la mhadhiri?

Fundi_wa_Mfumo
Hapana mzee, hapo umebadilisha lebo, chupa ni ileile. Lifungue kwa Notepad uone herufi za mwanzo kabisa: PDF halisi huanza na `%PDF`, la Word huanza na `PK`. Rudi kwenye Word, hifadhi upya kwa kuchagua aina ya PDF. Na ukishapakia, hakikisha inasomeka `Submitted for grading`. Ikibaki `Draft (not submitted)`, hujakusanya kitu.

Kalamu_Nyeusi
Asante mkuu, umenisaidia, ila hasira iko palepale. Mfumo ukishusha kazi zote kwa pamoja unaweka jina la kila mwanafunzi wenyewe. Huo ukali wa jina la faili ni wa nini?

Fundi_wa_Mfumo
Labda anazipokea kwa barua pepe pia, au anazichapisha. Hilo ni lake kujibu. Kiongozi wa darasa amuulize mambo mawili tu, kwa maandishi: tarehe 14 inaanza au inaisha, na kistari kinakubalika au la.

Bi_Mtulivu
Kiongozi ameuliza tangu asubuhi. Ujumbe umesomwa, jibu hakuna.

Kalamu_Nyeusi
Basi mimi nakusanya Jumatano, kwa kistari. Na picha ya skrini napiga.