Msaada: mwongozo wa shule na chanjo kwa Kidari, tarehe zinajigeuza

Mdigo_Ughaibuni: Wakuu, habari za humu. Niko Sakramento, Kalifonia. Nimepewa kazi ya kuandaa mwongozo wa kurasa 6 kwa wazazi wakimbizi wa Kiafghani: namna ya kuandikisha mtoto shule na chanjo zinazotakiwa. Lugha ni Kidari. Tatizo langu ni dogo tu. Mwisho wa kurudisha fomu ni 08-12-2025, yaani 12 Agosti kwa uandishi wa Wamarekani. Nikiibandika katikati ya Kidari inatokea 2025-12-08. Kazi yenyewe inatakiwa Ijumaa. Natanguliza shukrani.

Kipara_Ngoto: Geuza kompyuta miguu juu mkuu, itakaa sawa.

Fundi_Deira: Nimepanga mabango ya Kiarabu Dubai miaka kibao. Kosa ni kistari. Mwandiko wa kulia kwenda kushoto unazipanga upya namba zilizotengwa kwa kistari. Weka mkwaju, 08/12/2025, haitajigeuza. Kazi kwisha.

Mama_Zawadi: Chanjo msiniambie. Tulipotoka kambini Nyarugusu kadi ya mwanangu ilipotelea safarini, akachomwa zote upya. Mkono ulivimba kama andazi. Wazazi tunzeni kadi!

Mpiga_Chapa: Fundi yuko sahihi nusu. Namba haitajigeuza, ila Mwafghani ataisoma 8 Desemba, maana kwao siku hutangulia mwezi. Andika jina la mwezi kwa herufi, na pembeni tarehe ya kwao: 21 Asad 1404. Sasa mleta uzi, nani katafsiri? Wewe unajua Kidari?

Mdigo_Ughaibuni: Nasoma hati ya Kiarabu vizuri tangu chuoni Tanga. Ninachouliza ni tarehe tu.

Mpiga_Chapa: Sijauliza hati. Nani katafsiri?

Mdigo_Ughaibuni: Haya. Jirani yangu, Muirani, mtu wa heshima. Ofisi inadhani nimetafsiri mimi kwa sababu mwaka jana niliwafanyia ule wa Kiswahili kwa Wakongo. Lakini Kifarsi na Kidari si kitu kimoja? Ni kama Kimvita na Kiunguja. Wanaelewana kabisa.

Fundi_Deira: Hapo namuunga mkono. Dukani kwetu Wairani na Waafghani walikuwa wanapiga soga siku nzima.

Mpiga_Chapa: Soga sawa, fomu ni jambo jingine. Muirani akitaja shule anaandika madrasa. Kwa Mwafghani shule ni maktab, na madrasa ni kama kwetu, chuo cha dini. Miezi ndiyo hatari zaidi: Muirani ataandika Mordad pale Mwafghani anaposema Asad. Surua jirani ataiita sorkhak, Kabul ni surkhakan. Na majina ya fomu kayafanyaje?

Mdigo_Ughaibuni: Kayatafsiri yote, yamependeza sana. Hata Home Language Survey.

Mpiga_Chapa: Basi mzazi atafika dirishani ataje jina ambalo karani hajawahi kulisikia. Liache jina kama lilivyochapwa juu ya fomu, kisha kwa Kidari eleza kuwa ni ile ya kuuliza lugha ya nyumbani.

Binti_Kisauni: Hii chai. Mtu asiyejua lugha apewe kazi ya serikali? Juzi huyu huyu alikuwa anauza mbuzi humu, yuko Korogwe.

Kipara_Ngoto: Mbuzi nao wanahitaji chanjo 😂

Mdigo_Ughaibuni: Mbuzi ni wa kaka yangu, nilimwekea tangazo tu. Chai ingekuwa na hii? Kuna kadi ya mtoto hapa, surua ya kwanza imeandikwa 15/6/1402. Jirani kasema ni 6 Septemba 2023. Mtoto alikuwa na miezi 9. Nimeweka mfano kwenye mwongozo kwamba hiyo imehesabika, abaki moja.

Mpiga_Chapa: Tarehe kaigeuza sawasawa. Mfano ndio mbovu. Afghanistani huchanja surua miezi 9 na 18, ila Kalifonia haihesabu dozi iliyotolewa kabla ya mwaka mmoja. Wanataka dozi mbili, tena zenye matumbwitumbwi na rubela ndani. Futa mfano. Waambie walete kadi kama ilivyo, wasigeuze tarehe wenyewe, muuguzi ndiye ahesabu.

Mama_Zawadi: Kumbe ndiyo maana wangu alirudiwa! Mimi nilijua ni kadi tu.

Fundi_Deira: Tarehe mbili kwa pamoja mimi sikubali. Mzazi atauliza ipi ya kweli. Weka ya Amerika peke yake.

Mpiga_Chapa: Mzazi aliyefika wiki iliyopita Agosti haijui, Asad anaijua.

Binti_Kisauni: Na ofisi utaiambia lini?

Mdigo_Ughaibuni: Dada, nikisema wananinyang'anya kazi. Kwanza nirekebishe. Nimempigia mama mmoja wa Kiafghani wa jengo letu, kasoma ukurasa wa kwanza, kaniuliza kwa nini shule inamtaka amwandikishe mtoto madrasa. Kasema atanisahihishia zote sita, lakini jina lake liandikwe, siyo langu.

Kipara_Ngoto: Mlipe na mbuzi.