Mrejesho: spika janja ya jikoni iliyokuwa ikipoteza mtandao

Swali langu lilikuwa: "Kwa nini spika janja yangu hukatika waifai kila mara, ilhali simu iliyo kando yake haikatiki?"

Nawashukuru ndugu mlionielekeza kwenye ukurasa wa ruta (192.168.1.1), kwa kuwa orodha ya vifaa vilivyounganishwa ilionyesha kwamba spika ilikuwa ikihamahama kati ya masafa ya gigahezi 5 na ya gigahezi 2.4, ambayo ruta iliyatangaza kwa jina moja. Yale ya gigahezi 5 yana kasi zaidi, lakini hudhoofika upesi yanapopenya kuta za tofali, na kati ya sebule na jikoni zipo mbili. Niliyatenganisha, nikayapa ya 2.4 jina lake, kisha nikaiunganisha spika upya kupitia programu yake ya simu.

Sasa mtandao umetulia, isipokuwa maikrowevu inapowashwa, maana nayo hutoa mawimbi ya takriban gigahezi 2.4, kwa hiyo spika nimeihamishia rafu ya mbali nayo.

Pendekezo la kutumia mtandao wa wageni halikunifaa, kwa sababu ruta yangu huwatenga wageni na vifaa vingine vya nyumbani, hivyo simu haikuweza kuiona spika.